Tarehe zilizotawanyika kwenye wasifu wa mpwa wangu

Mpwa wangu alipohitimu shahada ya biashara, aliandika wasifu wa kuombea kazi kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Kwenye laptopu yake ulienea ukurasa mmoja, umekaa sawa. Tulipoufungua saiba pale Mwembe Tayari ili tuuchapishe, tarehe zilikuwa zimetawanyika, nyingine zimeangukia mstari wa chini, na wadhamini wawili wamesukumwa ukurasa wa pili.

"Mjomba, nyumbani haukuwa hivi!"

Alisema kweli. Nilibonyeza alama ya ¶ kwenye Word, na kati ya kila cheo na tarehe yake pakatokea msururu wa nukta. Kila nukta ni nafasi moja ya kibodi. Kompyuta ya saiba haikuwa na fonti yake, ikaweka nyingine yenye herufi na nafasi za upana tofauti, basi tarehe zikahama. Mimi mwenyewe nilipanga hivyo miaka mingi kabla ya kufundishwa.

Tulianza na karatasi. Faili lilikuwa la Letter, na sisi huku huchapisha kwa A4, kwa hiyo tukabadilisha kwenye Layout, Size, kisha tukaweka pambizo za sentimita 2 pande zote. A4 ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo maandishi yanabaki na 17. Hiyo 17 ndiyo muhimu. Tulifuta nukta zote, tukaweka Tab moja tu kabla ya kila tarehe. Kisha tukachagua mistari hiyo, tukafungua dirisha la Tabs, tukaandika 17 cm, tukachagua Right na kubonyeza Set. Tarehe zote zikajipanga kwenye ukingo wa kulia, na hazihami hata fonti ikibadilika.

Nafasi kati ya sehemu alikuwa ameiweka kwa Enter mbilimbili. Tuliziondoa, tukaweka pt 6 baada ya aya. Bado mistari mitatu ilizidi. Alitaka kupunguza herufi hadi 9, nikamkatalia, maana msomaji hapaswi kukodoa macho. Tuliondoa shule ya msingi, dini na hali ya ndoa. Kilichobaki ni mafunzo yake ya kazini, na hapo "nilisaidia kazi za ofisi" ikawa "nililinganisha ankara na orodha za mizigo kabla ya hati kupelekwa forodhani". Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya hasa.

Mwisho tulitumia Save As, tukachagua PDF, ambayo hubeba fonti zake ndani. Usichapishe kisha ukaskani, maana utapata picha ambayo mwajiri hawezi kutafuta neno ndani yake. Tuliijaribu kwa kunakili maandishi yote ya PDF na kuyabandika kwenye Notepad. Jina lilikuja kwanza, kisha simu, elimu, mafunzo, kwa mpangilio uleule. Wenye safu mbili za visanduku mara nyingi huona mistari ikichanganyikana hapo.

Akaniletea faili kwenye simu. Ukurasa mmoja, na wadhamini wote wawili wapo.