Slabu ya baraza na tarehe ya mahari

"Leo 25 Oktoba, slabu ya baraza bado. Mahari ya dada 20 Desemba. Tutawahi?"

Ndugu, shika 20 Desemba urudi nyuma. Rangi siku 4, basi ianze tarehe 16. Kabla yake plasta ikauke wiki 4, kwa hiyo iishe 17 Novemba. Kuipiga siku 3, ianze 15. Kabla ya plasta mirunda inayoshika slabu iwe imetoka, nami siitoi kabla ya siku 21, hivyo zege lilitakiwa kumwagwa 24 Oktoba. Jana! Na mbao na nondo hujafunga, siku 6 hizo.

— Aongeze mafundi tu.

Watapunguza siku za mbao, ila zege haliwajui. Mimi ningepaka chokaa kwanza, haingoji plasta ikauke kabisa. Rangi baada ya shughuli.

— Kwangu mirunda ilitoka siku ya 10, mbona slabu haikuanguka?

Upana wa slabu yako je?