Mhusika wangu anabadilika sura kila nikizalisha picha kwa AI

"Wakuu, prompti ni ileile ila kila picha mama muuza vitumbua anatoka tofauti, nitajuaje kosa ni la prompti au bahati mbaya tu?"

Mkuu picha moja haikwambii kitu. Toa 8 kwa prompti hiyohiyo, kila moja na namba yake ya Seed, yaani ile namba inayoamua picha inaanzia wapi, andika namba zote, halafu chora jedwali: mstari kwa kila picha, safu tatu yaani sura, nguo na mandhari ya nyuma. Usiandike "mbaya", andika kitu chenyewe, mfano kovu limehama shavu.

Mimi nilikuwa na bibi mwenye kovu shavu la kushoto na kanga ya bluu. Kati ya 8, kovu lilikaa kulia kwenye 5, maandishi ya kanga yalikuwa vurugu tupu kwenye zote 8 (hapo usipigane nayo, andika mwenyewe baadae kwa programu ya kuhariri), na benchi la miguu mitatu lilitokea mara moja tu. Sasa benchi ni bahati ya Seed, tupa hiyo picha. Kovu ndo la kushughulikia, kushoto na kulia modeli nyingi zinachanganya, nikabadilisha likawa kovu katikati ya kidevu, sehemu hiyo tu, nikarudia Seed zilezile 8, likakosewa kwenye picha 1 tu.

Ila ukigusa neno hata moja picha nzima inaweza kusogea, kwahiyo linganisha jumla za makosa, sio picha kwa picha.