Lenzi za progresivu za kidijitali: kwa namba zako, usikimbilie

"Wadau, daktari hapa Arusha kaniandikia +1.00 macho yote, ADD, yaani nyongeza ya kusomea, +1.75, astigmatizimu sina. Duka linataka karibu mara mbili kwa progresivu za kidijitali. Zinastahili?"

Ndugu, kwa namba hizo ningechukua za kawaida. Progresivu ni lenzi moja yenye namba ya mbali juu na ya kusomea chini, na pembeni huwa na ukungu. Lenzi ya kawaida hutoka kiwandani upande wa mbele ukiwa tayari na umbo la progresivu, fundi anachonga nyuma kuweka namba yako. Ya kidijitali huchongwa na mashine ya kompyuta nukta kwa nukta, ikifuata namba yako yote. Ungekuwa na -5.00 pamoja na astigmatizimu kubwa ya mshazari, ningekwambia lipa: hapo ukungu wa pembeni hupungua kweli, ingawa hauishi.

Kwako, kazi iko kwenye vipimo. Ukiwa umevaa fremu uliyochagua, unatazama mbele, fundi aweke alama ya kalamu kwenye kioo, katikati ya mboni, kila jicho peke yake. Alama ikishuka milimita 2 au 3, utainua kidevu kila ukisoma, hata kwa lenzi ghali. Asipopima hivyo, hama duka.

Kizunguzungu cha kuzoea lenzi mpya kikizidi wiki 2, rudi wapime upya. Ukiona vitu viwiliviwili au kiza cha ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. KCMC Moshi wana idara ya macho.