Boksi linasema gramu 30, bakuli linasema vingine

"Wakuu, boksi la konfleksi zenye sukari linasema kipimo kimoja pamoja na maziwa kina sukari gramu 17 na protini gramu 5 na nusu. Mbona si mbaya? Au naisoma vibaya hii lebo?"

Mkuu, umeisoma sawasawa. Hesabu hiyo ni ya gramu 30 za konfleksi na mililita 125 za maziwa, yaani nusu kikombe cha chai hivi. Mimina gramu 30 kwenye bakuli la supu uone: zinafunika kitako tu. Mtu mzima akimimina bila kupima, kupita gramu 60 ni kitu cha kawaida kabisa.

Kwanza jua bakuli lako lina gramu ngapi. Kama una mizani ya jikoni, weka bakuli, rudisha sifuri, kisha mimina huku ukiangalia pembeni. Ukiikodolea macho mizani, mkono utajizuia na utapata namba ya uongo. Rudisha sifuri tena, tia maziwa. Mililita 100 za maziwa zina uzito wa gramu 103 hivi, kwa hiyo gramu zisome kama mililita tu, tofauti haina maana hapa.

Huna mizani? Hesabu mabakuli. Boksi la gramu 500 lingetoa vipimo 16 vya gramu 30 na kubaki kidogo. Likikuishia kwenye bakuli la saba, kila bakuli ni kama gramu 71. Njia hii naipenda kuliko mizani, maana inakupa wastani wa wiki nzima, na siku ya njaa nayo imo.

Sasa achana na safu ya "pamoja na maziwa", nenda safu ya gramu 100. Konfleksi za aina yako huwa na sukari gramu 37 na protini gramu 4.5 kwa kila gramu 100. Maziwa ya ng'ombe yasiyopunguzwa mafuta yana sukari yake ya asili, laktosi, gramu 4.7 na protini gramu 3.3 kwa mililita 100.

Kipimo cha lebo: konfleksi gramu 30 zinatoa sukari gramu 11 na protini gramu 1.4. Maziwa mililita 125 yanaongeza sukari gramu 5.9 na protini gramu 4.1. Hapo ndipo 17 na 5.5 zilikotoka. Angalia vizuri hiyo protini: robo tatu yake ni ya maziwa, ambayo hayamo ndani ya boksi!

Bakuli halisi: konfleksi gramu 70, maziwa mililita 200. Konfleksi sukari 26, maziwa 9.4, jumla gramu 35. Protini 3.2 na 6.6, jumla karibu gramu 10. Kwa haraka utaona vyote viwili vimepanda karibu mara mbili, basi mambo ni yale yale. Siyo. Laktosi ya maziwa haihesabiwi kwenye ile sukari ambayo Shirika la Afya Duniani linataka ipunguzwe, kwa hiyo itoe. Inabaki 26 ya konfleksi peke yake, na shirika hilo linasema ni vyema mtu mzima asizidi gramu 25 hivi kwa siku nzima. Chai bado hujanywa.

Kinachoharibu zaidi ni bakuli lenyewe. Ukilijaza konfleksi hadi juu, maziwa yanakosa nafasi, unatia 120 tu. Sukari ya konfleksi inabaki 26, protini inashuka hadi gramu 7. Halafu kuna ule mchezo wa maziwa yamebaki, ongeza konfleksi. Konfleksi zimebaki, ongeza maziwa. Hiyo ipime kama bakuli la pili. Na ukitumia maziwa ya lozi, protini yake mara nyingi haifiki hata gramu moja kwa mililita 100, kwa hiyo usikopi namba zangu, soma pakiti.

Granola ndiyo inayodanganya kuliko zote kwa sababu ni nzito. Kikombe cha mililita 240 cha konfleksi za kawaida ni kama gramu 30. Kikombe hicho hicho cha granola kinapita gramu 100. Jicho linaona ujazo, halioni uzito.

Weetabix zina nafuu kwa sababu zinahesabika: mbili ni gramu 37.5, sukari gramu 1.6, protini 4.5. Ukitia maziwa 200, protini inafika gramu 11. Tatizo lake ni kopo la sukari mezani. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4, kwa hiyo vijiko viwili tu vinaongeza sukari mara tano ya iliyokuwemo kwenye Weetabix, na hiyo hakuna lebo itakayokuandikia.