Chipu 9,000 mkononi, na shilingi 6,000 nilizodai

*Swali la wiki: Shindano la poka mtandaoni likikatizwa njiani, je, aliyekuwa akiongoza kwa chipu ana haki ya kupata fungu kubwa kuliko wenzake?*

Mhariri, kubwa kuliko wenzake, ndiyo. Sijaona mtu akilipinga hilo. Watu hukosania ukubwa wenyewe, na hapo ndipo nilipokosana na watu wangu wawili, mpaka mmoja wao tukakaa miezi bila kupigiana simu.

Tulikuwa tisa kwenye meza ya faragha ya mtandaoni. Kila mmoja alituma 1,000 kwa M-Pesa, kikapu kikawa shilingi 9,000: wa kwanza 4,500, wa pili 2,700, wa tatu 1,800. Kila mtu alianza na chipu 1,500. Saa saba usiku tulikuwa tumebaki watatu. Mimi nilikuwa na chipu 9,000, binamu yangu aliyeko Doha alikuwa na 3,000, na jirani yetu wa Likoni 1,500. Blaindi, yaani madau ya lazima ya kila mkono, zilikuwa zimefika 200 kwa 400. Ghafla stima ikapotea Likoni, na simu ya jirani ilikuwa imebaki na chaji ya dakika chache. Binamu naye alikuwa na zamu alfajiri. Tukakubaliana tugawane.

Nikasema nina theluthi mbili za chipu, basi nipewe theluthi mbili za pesa. Kwa hesabu hiyo mimi 6,000, binamu 2,000, jirani 1,000. Niliiona haki iliyo wazi kama jua la mchana.

Jirani akanijibu kwa upole: "Ndugu yangu, hata nikitolewa mkono huu, nalipwa 1,800. Sasa wanipa 1,000 kwa kosa la kuwa bado niko mezani?" Binamu akaongeza: "Na wewe ukitushinda sote wapata 4,500. Hiyo 6,000 waitoa kwa nani?"

Sikuwa na jibu, lakini sikunyamaza pia. Nilipaza sauti. Nikawaambia chipu nilizipata kwa jasho, kwamba wao walikuwa wakikunja karata, wakijitoa mkono baada ya mkono, huku mimi nikipambana. Jirani alikuwa akinisikiliza huku simu yake ikizima. Mwishowe binamu akaleta njia ya kati: kila mmoja achukue kwanza 1,800 ambazo tayari ni zake, kisha 3,600 zinazobaki zigawanywe kwa kadiri ya chipu. Nikapata 4,200, yeye 2,600, jirani 2,200. Nilizipokea kwa kinyongo, na kwa miaka miwili nimekuwa nikisema barazani kwamba nilidhulumiwa 1,800.

Swali lenu limenifanya nichukue karatasi nipige hesabu upya, na nimekuta jambo sikulitarajia.

Katika poka ya pesa taslimu, chipu ya shilingi mia ni shilingi mia; unainuka nayo unapotaka. Katika shindano, chipu hainunui kitu. Inakununulia nafasi ya kumaliza wa kwanza, wa pili au wa tatu. Anayekusanya chipu zote 13,500 hapewi 9,000 zote. Anapewa nusu, na nusu nyingine inakwenda kwa waliokwisha kutolewa. Kwa hiyo kadiri rundo lako linavyokua, kila chipu mpya inakuongezea kidogo kuliko iliyotangulia.

Njia inayotumika kupima nafasi hizo kwenye skrini huandikwa ICM, kifupi cha Independent Chip Model. Mzizi wake ni kanuni ya David Harville ya mwaka 1973, iliyohusu mbio za farasi. Mason Malmuth akaileta kwenye poka miaka ya 1980. Kazi yake ni nyepesi. Nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni sehemu yako ya chipu zote. Kutafuta wa pili, unamtoa mshindi pamoja na chipu zake, kisha unauliza swali lile lile kwa waliobaki.

Nafasi yangu ya ushindi, basi, ilikuwa theluthi mbili. Binamu akishinda, ninabaki na jirani, 9,000 kwa 1,500. Jirani akishinda, ninabaki na binamu, 9,000 kwa 3,000. Ukijumlisha, nilikuwa na takribani asilimia 67 ya kuwa wa kwanza, 27 ya kuwa wa pili na 6 ya kuwa wa tatu. Zidisha kila nafasi kwa zawadi yake, utapata 3,846 kwangu, 2,825 kwa binamu na 2,329 kwa jirani.

Nilipewa 4,200. Yaani mimi niliyelia kudhulumiwa nilikuwa nimezidishiwa 354, na nyingi kati ya hizo, 225, zilitoka kwa binamu aliyebuni njia ya kunituliza.

Nilirudi hadi mwanzo wa mchezo kuhakikisha. Chukua mkono wa kwanza kabisa: mtu anamtoa mwenzake na kufikisha chipu 3,000, wengine saba wana 1,500 zao. Amezidisha chipu mara mbili, lakini thamani yake imetoka 1,000 hadi 1,825 tu. Zile 175 zilizopungua ili zifike 2,000 zimewaangukia wale saba waliokaa kimya, shilingi 25 kila mmoja, bila kugusa karata. Kumbe wale niliowaona wanakunja tu walikuwa wakilipwa kihalali.

Lakini sitaki kuandika kana kwamba ICM ni mizani ya dhahabu, maana kuna jambo hailioni. Tuseme tungeendelea, nami nikasukuma chipu zangu zote mbele ya binamu. Akikunja, anabaki karibu na 2,825 zake. Akiitikia kwa kuweka zake zote na kushindwa, anaondoka na 1,800. Akishinda, anafikisha chipu 6,000 zenye thamani ya takribani 3,370. Anaweza kupoteza 1,025 ili apate 545, hivyo anahitaji ushindi wa asilimia 65 hivi kabla ya kuitikia. Esi ya kopa na kingi ya uru, dhidi ya karata zozote mbili, inafika hapo kwa taabu. Kwa chipu peke yake angehitaji takribani nusu. Maana yake ningeweza kumsukuma mkono baada ya mkono, naye angekunja karata nzuri akisubiri jirani atoke kwanza. Nguvu hiyo ya anayeongoza haimo katika hesabu ya ICM, kwa sababu hesabu hiyo inatazama marundo tu; haijui blaindi inamwendea nani wala nani ana ujuzi.

Na blaindi kubwa ilikuwa inamwendea jirani. Mkono uliofuata angetoa 400 katika 1,500 zake kabla hajaona karata.

Kwa hiyo, baada ya kuanza nikidai 6,000 na kufika 3,846, nikiulizwa leo nitasema 4,000 zilikuwa halali yangu, pengine na kidogo juu yake. Zile 129 za jirani sizioni kama deni, kwa sababu ya blaindi ile. Za binamu zinanisumbua. Nimemtumia 200, akazirudisha bila neno. Na kama blaindi zingekuwa 50 kwa 100, kukiwa na nafasi ya kila mtu kucheza kwa utulivu, nisingekuwa na hoja nzito ya kudai hata shilingi moja juu ya 3,846.

Msomaji, Mombasa