Lengo Linapodai Zaidi ya Dodoso: Nilivyohariri Pendekezo la Utafiti wa Korosho

Pendekezo langu la utafiti lilirudi likiwa na mstari wa wino mwekundu chini ya lengo mahususi la kwanza, na pembeni msimamizi alikuwa ameandika maneno matatu: "Utalinganisha na nani?" Lengo lenyewe lilisomeka hivi: *Kuchunguza athari za mfumo wa stakabadhi ghalani kwa maisha ya wakulima wa korosho wilayani Tandahimba.* Mbinu nilizokuwa nimepanga ni dodoso la kujazwa mara moja na wakulima 120, pamoja na usaili wa viongozi wanane wa vyama vya msingi.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa uzito wa swali lile. Anayetaka kuzungumzia athari hana budi kuonyesha hali ilivyokuwa kabla na ilivyo baada, au kuonyesha watu walioguswa na jambo hilo na wengine wanaofanana nao ambao halikuwagusa. Mfumo huu, ambao mkulima hukabidhi korosho zihifadhiwe ghalani, hupewa stakabadhi na hulipwa zikishauzwa kwa mnada, ulianza kutumika katika korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, kwa hiyo kulinganisha kabla na baada kungemtaka mkulima akumbuke mapato ya miaka mingi iliyopita. Kundi la kulinganisha nalo sikuwa nalo, kwa kuwa huku kwetu korosho ghafi huuzwa kisheria kwa utaratibu huo huo mmoja. Dodoso la siku moja lisingeweza kubeba neno "athari" hata kama ningeongeza wahojiwa mara tatu.

Neno "maisha" lilikuwa na kasoro nyingine. Nilijiuliza ni nini hasa wakulima hulalamikia msimu wa mauzo unapofika, nikajibu bila kusita: kusubiri malipo. Hapo lengo likawa hili: *Kubainisha idadi ya siku zinazopita kati ya mkulima kukabidhi korosho katika chama cha msingi na kupokea malipo yake ya kwanza, katika msimu mmoja wa mauzo.* Swali nalo, ambalo awali lilikuwa "Je, mfumo una athari kwa wakulima?", na ambalo lingejibika kwa "ndiyo" na kumalizika, likageuka kuwa: *Mkulima husubiri siku ngapi tangu akabidhi korosho hadi alipwe mara ya kwanza?*

Mara tu swali lilipokuwa mahususi, lilinionyesha kwamba hata dodoso langu halikufaa. Mkulima hukumbuka kwamba alisubiri sana, lakini ni nadra akumbuke tarehe. Tarehe ya kukabidhi imo katika stakabadhi yake na katika kumbukumbu za chama, na tarehe ya malipo imo katika taarifa ya akaunti yake ya benki. Basi chombo cha lengo hili kikawa fomu ya kunakili tarehe hizo mbili kwa ridhaa ya mkulima, na uchambuzi ukawa kuzipanga siku kuanzia chache hadi nyingi na kuchukua ile ya katikati, kwa sababu wachache waliosubiri muda mrefu mno wangeupandisha wastani.

Lengo la pili lilitaka kuchunguza uhusiano kati ya kuchelewa kwa malipo na kiasi cha salfa ambacho mkulima hutumia kudhibiti ugonjwa wa mikorosho wa ubwiri unga. Nililikabidhi kwa usaili wa viongozi, jambo ambalo lilikuwa kosa. Uhusiano huonekana pale tu vipimo vyote viwili vinapotoka kwa mtu yule yule, na kiongozi wa chama hawezi kunipa siku za kusubiri na mifuko ya salfa ya kila mkulima. Niliongeza kipengele kuhusu salfa ya msimu uliofuata malipo hayo, kwa wakulima wale wale 120, na usaili wa viongozi nikaupa lengo lake: kueleza hatua ambazo malipo hupitia na mahali yanapokwama.

Lengo la tatu, la kupendekeza njia za kuboresha mfumo, nililifuta. Hakuna data inayokusanywa ili kulijibu. Mapendekezo huandikwa matokeo yakishapatikana.

Lililonipa shida zaidi ni lile la kubaini idadi ya wakulima wanaouza kwa kangomba, yaani kwa wanunuzi wa kificho nje ya mfumo. Lilikuwa mahususi na linahesabika, lakini biashara hiyo imepigwa marufuku, na sampuli yangu ilitoka katika rejesta za vyama, mahali ambapo anayeuza yote kwa kangomba huenda asiwe na jina. Idadi ambayo ningeipata ingekuwa ndogo kuliko hali halisi, na nisingejua imepungua kwa kiasi gani. Nililiondoa kwa masikitiko.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuandika pembeni ya kila swali la dodoso namba ya lengo linalohudumiwa. Kati ya maswali 41, maswali 17 hayakupata namba, yakiwemo ya aina ya nyumba na idadi ya mifugo. Niliyatoa yote, kisha nikarudi juu na kuandika upya lengo kuu na kichwa cha utafiti: *Muda wa Malipo ya Korosho na Matumizi ya Salfa kwa Wakulima wa Tandahimba.*