Biriani ya walima imebaki: igawe kabla wageni hawajaondoka

Walima wa kaka yangu, Jang'ombe, mvua ilipiga tokea asubuhi. Tumepikia watu 300 wakaja kama 200 hivi, saa nane mchana sufuria zima la wali wa biriani liko uani limefunikwa na gunia juu, masala pembeni, mama anasema subirini wageni waondoke tutagawa magharibi. Tukagawa magharibi. Saa nne usiku jirani kaja kugonga mlango, mwanawe anatapika hashikiki, na nyumba ya pili yake vilevile.

Kilichonishangaza, chakula kilikua kinanukia vizuri tu na yule jirani alikipasha moto kabla ya kula. Mpwa wangu anosomea mambo ya vyakula ndo alonieleza. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa moto wa kupikia, sasa sufuria kubwa likifunikwa linakaa vuguvugu masaa na masaa, hasa pale katikati, na hilo ndo joto wanalolitaka, wanazaana na kutoa sumu. Ile sumu ya kutapisha haiondoki hata uchemshe vipi, na huioni wala huinusi. Nyama nayo ina wadudu wake wanaopenda hivyohivyo kukaa vuguvugu. Yani chakula cha moto kikae moto kweli, nyuzi 60 na zaidi, au kipoe haraka kiwe baridi ya friji, nyuzi 5 kushuka chini. Hapo katikati hesabu masaa mawili tu, na kwa jua letu la kaskazi, likipita nyuzi 32, hesabu saa moja.

Sasa nikwambie tulivyofanya harusi ya mdogo wangu mwaka uliofata. Wapishi walipoanza kupakua, mie nlikaa uani na dada zangu wawili, tukaangalia sufuria lipi halijafunguliwa. Hilo tukaliacha juu ya makaa, mfuniko haufunuliwi, na watu waliposhiba tu, kama saa nane kasorobo, tukaanza kutia kwenye bakuli za foili wali bado unatoa mvuke. Hatukungoja mgeni hata mmoja aondoke. Mmoja anapakua kwa upawa, hashiki kwa mkono, mmoja anafunika, mmoja anaandika. Wali bakuli yake na masala bakuli yake, manake ukichanganya wali unalowa na pia mtu akitaka kupasha masala ichemke vizuri hawezi. Kachumbari hatukutia kabisa.

Na hili naomba niliseme wazi: sinia iliyokaa mbele ya watu wakala kwa mikono hairudi kwenye sufuria na haiendi kwa jirani, hata kama upande mmoja haujaguswa. Hayo ni makombo. Jirani unampakulia kutoka kwenye sufuria kama mgeni wako.

Kwenye mfuniko tuliandika kwa makapeni, kabla ya kufunika manake foili ya moto wino unatoka: "Masala ya nyama ya ng'ombe, ina mtindi na korosho. Imeepuliwa saa 8 mchana Ijumaa. Ile leo, ukiweka friji pasha mpaka ichemke, mara moja tu." Ile ya korosho usiidharau, kuna mtoto mtaani kwetu akila korosho anavimba midomo, mamake alisoma pale mlangoni akanirudishia ile bakuli nikampa wali na samaki.

Tulipata bakuli 32 za wali na 32 za masala. Za jirani tulipeleka kwa miguu. Za mbali, kwa wazee wawili wanaokaa peke yao Fuoni, tulipanga ndani ya deli safi lisilo na barafu, tukalibana kwa taulo ili moto usitoke, akaondoka nalo kijana wa bodaboda. Nliwapigia simu kwanza, bibi mmoja akasema ashakula, usiku ndo ataila, na friji hana. Huyo sikumpelekea biriani, nlimpelekea visheti na mkate wa mofa, vinakaa bila friji.

Ukipeleka tumia bakuli za kutupa, ukitumia sahani yako jirani ataona haya kuirudisha tupu na pengine siku hiyo hana cha kutia.

Sufuria la mwisho, lile lililofunguliwa mwanzo likasahauliwa chini ya mwembe, tulilikuta saa kumi na nusu. Lina wali kama wa bakuli 10. Shangazi kasema mpeni yule mlinzi wa pale kona, ana watoto wengi. Nlimshika mkono nkamwambia shangazi, huu hata wanangu siwapi, tukachimba shimo tukaufukia, na mlinzi nkamtolea hisa yangu mie iliyokua friji.